Stika ya Hongera Inavyokula Bando

Mweka hazina wa kamati ya harusi akishabandika orodha ya michango kwenye kikundi cha WhatsApp, kinachofuata kinajulikana. Mjomba wa bwana harusi anatuma waridi linalofunguka na maneno ya hongera. Shangazi anajibu na mtoto anayepiga makofi. Vijana wanashusha sura za waigizaji zilizokatwa kwenye picha, macho yamewatoka, maandishi makubwa ya njano chini yake. Dakika kumi baadaye orodha yenyewe imefukiwa, na lazima mtu ailete upya kwa sababu wengine hawajaiona. Kwenye simu ya bei nafuu yenye bando la siku, dakika hizo kumi zina gharama yake, na gharama hiyo haikatwi kwa aliyetuma peke yake.

Watu wengi huviita vitu hivi vyote kwa jina moja, ilhali kwa simu ni vitu vya aina tofauti kabisa. Emoji ya kawaida si picha inayosafiri. Ni herufi. Uso unaocheka mpaka machozi una namba yake katika mpango wa Unicode unaotumika dunia nzima, na kinachotumwa ni namba hiyo tu, baiti 4, sawasawa na neno "baba". Picha ya uso huo tayari imo ndani ya simu ya mpokeaji au ndani ya programu. Ndiyo sababu emoji ileile huonekana na sura tofauti kidogo kwenye simu ya kampuni nyingine: kila simu inachora ya kwake.

Hata emoji inayocheza, kama ule moyo mwekundu unaodunda ukitumwa peke yake kwenye WhatsApp, haisafirishi mwendo wake kila mara. Kinachopita hewani ni namba ya emoji, na simu ya mpokeaji ndiyo inayoonyesha mchezo iliokwisha kuuweka. Telegram nao hufanya kitu cha karibu na hicho. Faili la mwendo hushushwa mara ya kwanza, hukaa kwenye simu, kisha hutumiwa tena na tena. Tena faili hilo si picha bali ni maelekezo ya kuchora: mstari huu uanzie hapa, jicho lifumbe sekunde hii, rangi iwe hii. Maelekezo ni maandishi, na maandishi yanabanika. Telegram wamewawekea watengenezaji kikomo cha KB 64 kwa stika ya namna hiyo, nayo inaruhusiwa kucheza kwa sekunde tatu. Kwa hiyo anayeogopa kutuma emoji ili kuokoa bando anajinyima bure.

Stika ya WhatsApp ni jambo jingine. Hiyo ni picha kamili, faili la aina ya .webp, yenye upana wa nukta 512 na kimo cha nukta 512. Stika zilikuja WhatsApp mwaka 2018, na zile zinazocheza zikafuata mwaka 2020. Kanuni walizowekewa wanaotengeneza pakiti ni kwamba stika iliyotulia isizidi KB 100, inayocheza isizidi KB 500, na pakiti moja isiwe na stika zaidi ya 30. Hesabu yake ni nyepesi. Pakiti ya stika zilizotulia, hata ikijaa kabisa, haivuki MB 3. Pakiti ya stika zinazocheza inaweza kufika MB 15, na hapo hujatuma hata moja.

Kwa nini ile inayocheza iwe nzito kiasi hicho, wakati mchezo wenyewe ni wa sekunde mbili? Kwa sababu ndani ya faili mna rundo la picha zinazoonyeshwa upesi upesi. Picha kumi na tano kwa sekunde, kwa sekunde mbili, ni picha thelathini. Video nayo ni mfululizo wa picha, lakini video ina ujanja ambao stika hizi hazina. Video huweka picha moja kamili, halafu kwa zile zinazofuata hueleza tu ni kipande gani kimesogea na kimeelekea wapi. Faili la .webp linaweza kuacha sehemu ambayo haikubadilika kabisa, lakini halijui kusema kwamba mkono umesogea kidogo kulia. Mkono uliosogea linauchora upya wote. Ndiyo maana waridi lenye vumbi la kumetameta kila upande huwa zito kuliko katuni ya rangi mbili inayopunga mkono. Metameta hubadilisha picha yote kila mara, na hakuna sehemu ya kuachwa.

GIF kwenye WhatsApp ni jina tu. Ukifungua folda yake utakuta mafaili ya .mp4, yaani video fupi zisizo na sauti. Uzito wake hutegemea urefu na ukubwa wa picha, na mara nyingi hupita uzito wa stika.

Sasa turudi kwenye kamati ya harusi, tupige hesabu. Tuchukulie kikundi kina watu 180, na jioni moja mweka hazina ameleta orodha mara tatu. Kila orodha imejibiwa kwa stika 25 zinazocheza, kila moja tofauti na mwenzake, zenye wastani wa KB 250, yaani nusu tu ya kikomo. Stika 25 zinafanya MB 6 na robo. Mara tatu ni karibu MB 19. Aliyenunua bando la MB 100 la siku amepoteza karibu moja ya tano yake kwa pongezi za jioni moja, hata kama yeye mwenyewe hakutuma chochote na simu ilikuwa mfukoni. Ukizidisha kwa watu 180, kikundi kizima kimetumia zaidi ya GB 3 kusema hongera. Mtumaji mmoja analipia KB 250 zake na kuona si kitu. Haoni kwamba amewakata wenzake 179 kiasi hichohicho.

Hapo ndipo penye kiini cha suala lote. Watu wanaojitahidi kubana matumizi huacha kutuma, wakati bando lao linaishia kwenye kupokea. Wapo pia wanaonyamazisha kikundi au kukipeleka kwenye sehemu ya mazungumzo yaliyofichwa wakidhani wameziba tundu. Kunyamazisha huzima mlio tu. Ujumbe unaendelea kushuka kama kawaida.

Njia ya pili ya kupoteza bando ni ya kimyakimya zaidi, nayo ni kuchagua. Gusa alama ya GIF kwenye kibodi, andika "hongera" au "pole", na mbele yako zinatokea picha nyingi zote zikicheza kwa pamoja. Kila moja ya hizo imeshushwa ili uione. Ukitelezesha kidole kwenda chini, nyingine zinashuka. Mtu anaweza kupitia picha arobaini ili atume moja, na zile thelathini na tisa zimelipiwa pia. Hali ni ileile kwenye duka la stika la ndani ya WhatsApp, na kwenye kibodi yenyewe ya simu, kama vile Gboard, ambayo nayo ina sehemu zake za kutafuta stika na GIF.

Halafu kuna programu za stika za pembeni zinazopakuliwa Play Store. Hizi mimi sizipendi kwenye simu ndogo. Programu yenyewe inachukua nafasi, inaonyesha matangazo ambayo mengine ni video, na kila ukiifungua inaleta picha za pakiti mpya ambazo hukuziomba. Tena mwenye bando la WhatsApp pekee anaweza kushangaa kuona programu ya stika imegoma kufunguka, au imekula salio la kawaida. Bando hilo linahusu WhatsApp, halihusu programu jirani, hata kama kazi ya jirani huyo ni kuletea WhatsApp stika.

Kabla ya kubadilisha chochote, ni vizuri kupima. Fungua WhatsApp, nenda Settings, kisha Storage and data, kisha Network usage. Hapo utaona kiasi kilichotumwa na kilichopokelewa, kikiwa kimegawanywa: simu, ujumbe, status, na Media, ambayo ndiyo picha, video na mengineyo ya jamii hiyo. Chini kabisa pana Reset statistics. Iguse ili hesabu ianze sifuri, endelea na maisha yako, kisha rudi kesho jioni kama hiyohiyo. Ukikuta Media iliyopokelewa iko juu ilhali hujafungua video yoyote, vikundi vyako ndivyo vinavyokula. Ukitaka kuona gharama ya kuchagua, rudisha sifuri tena, telezesha sehemu ya GIF kwa dakika moja bila kutuma kitu, kisha linganisha na mita ya simu yenyewe kwenye mipangilio ya matumizi ya data. Hiyo ya simu huhesabu kila kinachopita kwenye programu na haichagui.

Katika ukurasa uleule wa Storage and data pana mpangilio unaojulikana sana, When using mobile data, wa kuzuia vitu visijipakue vyenyewe. Ondoa alama zote pale, hasa ya video. Utaokoa bando kwa kweli. Lakini soma orodha yenyewe: Photos, Audio, Videos, Documents. Vitu vinne. Stika haimo. Kwa hiyo mtu anaweza kuzima vyote vinne, akajiona yuko salama, na stika zikaendelea kumiminika kana kwamba hakugusa kitu. Kuzuia WhatsApp isitumie data ikiwa nyuma ya pazia hakusaidii sana pia. Ujumbe unachelewa, kisha ukifungua programu vinashuka vyote kwa mkupuo.

Matoleo mapya ya WhatsApp yana pia mahali pa kuzuia emoji, stika na GIF zisicheze zenyewe. Ukiukuta mpangilio huo kwenye simu yako, uzime, ila ujue unachopata. Faili limekwisha kushuka, kwa hiyo bando halirudi. Unachookoa ni betri na nguvu ya simu.

Na nguvu ya simu si jambo dogo kwa mwenye RAM ya GB 1 au 2. Faili la stika linaweza kuwa na KB 60 tu kwa sababu limebanwa. Lakini simu haiwezi kuonyesha kitu kilichobanwa, lazima kwanza ikikunjue. Nukta 512 mara 512 ni nukta 262,144, na kila nukta ikikunjuliwa inahitaji baiti 4. Hiyo ni zaidi kidogo ya MB 1 kwenye RAM kwa picha moja tu ya mchezo, na simu lazima ikunjue nyingine, na nyingine, mara kumi na tano kwa sekunde. Weka stika tano au sita zinazocheza kwenye kioo kimoja na uone. Kikundi kinafunguka kwa kusitasita, kibodi inachelewa kutokea, herufi zinakuja baada ya kidole kuondoka. Watu husema simu imezeeka. Jaribu kufungua mazungumzo ya mtu mmoja yasiyo na stika. Yakiteleza vizuri, simu ni nzima, na kikundi ndicho kinachoielemea.

Dawa iliyo bora kuliko zote haihitaji kusakinisha kitu, nayo ipo WhatsApp tangu mwaka 2022. Bonyeza ujumbe na uushikilie kidogo, safu ya emoji itatokea juu yake, gusa moja. Ukitaka nyingine zaidi ya zile za mwanzo, gusa alama ya kujumlisha. Pongezi yako itakaa chini ya ujumbe wa mweka hazina pamoja na za wengine, na idadi yake itahesabiwa. Kinachosafiri ni emoji, na emoji ni herufi. Jibu 75 za namna hiyo hazifiki hata uzito wa stika moja nzito inayocheza. Tena orodha ya michango inabaki pale ilipo, haifukiwi, na hakuna wa kuomba iletwe upya. Msimamizi wa kikundi akiwaomba watu wafanye hivyo kwa ujumbe mmoja wa kiungwana, akitaja sababu kwamba wapo wazee wenye mabando madogo, wengi watakubali. Wasipokubali, anao uwezo wa kuweka kikundi waandike wasimamizi peke yao wakati wa kutoa taarifa, kisha akifungue. Najua wapo watakaonuna. Harusi bila kelele haijawahi kuwa tamu, hata ile ya kwenye simu.

Kwa anayependa stika, na hakuna ubaya kuzipenda, ushauri wangu ni kuwa na chache zako. Stika uliyopokea na ikakufurahisha, iguse uiweke kwenye zile unazozipenda, ili kesho uichukue hapo badala ya kuingia sehemu ya kutafuta. Chagua iliyotulia kabla ya inayocheza. Sura ya mtoto aliyekasirika inachekesha hata isipotikisika. Pakiti mpya zipakue ukiwa kwenye waifai. Na kama unataka kutengeneza stika ya picha yako mwenyewe, tangu mwaka 2024 WhatsApp wameanza kuweka kitengenezi ndani ya programu, kwa hiyo ile ya pembeni yenye matangazo unaweza kuiondoa. Ukiiondoa, pakiti zilizokuja nayo zitatoweka kwenye orodha yako ya stika. Zile zilizokwisha kutumwa kwenye mazungumzo hubaki, na unaweza kuzichukua hapo.

Limebaki suala la nafasi. Hapa niseme ukweli kwamba stika mara chache ndizo zinazoongoza kujaza simu, video ndizo zinazoongoza. Ila stika zina tabia moja mbaya, hazionekani. Ukifungua Manage storage, WhatsApp wanakuonyesha kwanza vitu vilivyozidi MB 5. Stika haifiki hata MB 1, kwa hiyo haitokei hapo kamwe. Kwenye ghala la picha nalo kwa kawaida hazimo. Zinajikusanya miaka mitatu minne bila mtu kuzigusa. Stika 3,000 zenye wastani wa KB 80 ni MB 240. Kwenye simu ya GB 128 hilo si la kutajwa. Kwenye simu ya GB 16, ambayo mfumo wenyewe umechukua sehemu kubwa na imebakiwa na MB 300, hiyo ndiyo tofauti kati ya programu ya benki kukubali kusasishwa na kukataa.

Ili kuzifikia unahitaji programu ya kusimamia mafaili, kama Files by Google au ile iliyokuja na simu. Njia yake kwenye simu nyingi za Android za sasa ni hii:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/WhatsApp Stickers
```

Kwenye simu za zamani kidogo, folda ya WhatsApp iko moja kwa moja kwenye hifadhi ya ndani, nje ya folda ya Android. Ukishaingia, utaona mafaili mengi, na mengi majina yake yameanza na STK yakifuatiwa na tarehe, mwaka ukiwa mwanzo. Yapange kwa tarehe. Usifute yote kwa pamoja siku ya kwanza. Chagua ya mwaka wa zamani kuliko yote, yanakili kwenye kadi ya kumbukumbu kama ipo, kisha yafute na ufungue WhatsApp uone. Kwenye mazungumzo ya zamani utakuta mahali pa stika pametupu au pamefifia. Maneno hayaguswi. Kama zile unazozipenda bado zipo na hakuna kilichoharibika, rudi ufute mwaka unaofuata. Folda jirani ya WhatsApp Animated Gifs nayo ichunguze, maana faili moja la humo linaweza kuwa na uzito wa stika kumi.

Kuhamishia WhatsApp kwenye kadi ya kumbukumbu ili kuondokana na kazi hii hakuwezekani. Inaweka vitu vyake kwenye hifadhi ya ndani, na unachoweza kufanya ni kunakili kisha kufuta. Kaa mbali pia na zile WhatsApp za kienyeji zinazosambazwa kwa viungo zikiahidi mipangilio zaidi. Wenyewe WhatsApp huzifungia akaunti zinazozitumia, na namba iliyofungiwa ni shida kubwa kuliko bando lililokwisha.

Mwisho, kuna vitufe viwili vinavyokaa jirani kwenye mipangilio ya simu, ndani ya ukurasa wa programu ya WhatsApp, na mtu mwenye haraka huvichanganya. Clear cache hufuta vitu vya muda, nayo haina madhara. Clear storage, ambayo kwenye simu nyingine huitwa Clear data, huirudisha WhatsApp kama ilivyokuwa siku ilipowekwa, na mazungumzo yaliyokuwa bado hayajahifadhiwa kwenye chelezo hayarudi. Ukimpelekea fundi simu iliyojaa, mwambie kabla hajaanza ni kitufe kipi unachokiruhusu.